Bomba Gani Lihesabiwe?

Mwanzoni mwa miaka ya 2010, Wizara ya Maji ya Tanzania ilipeleka watu vijijini kuandikisha vituo vya kuchotea maji: kila kimoja kiko wapi, kilijengwa lini, kinatumia pampu ya aina gani na kama kinatoa maji. Sehemu kubwa ya rekodi hizo iliwekwa wazi kwa umma. Orodha moja iliyotokana nazo, yenye vituo 59,400, imekuwa maarufu kwa wachambuzi wa takwimu duniani, wengi wao watu ambao hawajawahi kuteka maji kwenye hata kimoja kati ya visima hivyo. Katika orodha hiyo kuna safu iitwayo `status_group`, na ndani yake majibu ni matatu tu. Vituo 32,259 vilikuwa vinafanya kazi, 22,824 vilikuwa vimekufa, na 4,317 vilikuwa vinatoa maji lakini vinahitaji matengenezo.

Sasa mtu aulize ni asilimia ngapi ya vituo vilivyokuwa vinafanya kazi. Akihesabu kundi la kwanza peke yake, atapata 54. Akijumlisha na vile vinavyohitaji matengenezo, atapata karibu 62. Tofauti ni zaidi ya pointi 7, na haikuletwa na fundi wala kipuri. Mradi ulioanza na hesabu ya kwanza ukamaliza na ya pili utaonekana umefanikiwa bila spana kutoka kwenye boksi.

Hatari hiyo inakabili kila mradi unaoendeshwa kwa fedha za wafadhili, uwe wa maji, afya, elimu au kilimo. Kabla fedha hazijatoka, mfadhili hudai mfumo wa ufuatiliaji na tathmini, na kiini chake huwa ni jedwali ambalo maofisa mipango wengi wa Tanzania huliita bangokitita. Mtindo wake umetokana na kazi iliyofanywa mwaka 1969 kwa ajili ya USAID, shirika la misaada la Marekani, na wafadhili wengine wakauiga. Mistari yake hupanda ngazi kwa ngazi. Chini kabisa ziko shughuli, kama kuchimba kisima. Juu yake ni kile kinachotokana moja kwa moja na shughuli hizo, yaani kisima chenyewe. Juu zaidi ni matokeo kwa watu, kwamba kaya zinapata maji karibu, na kileleni ni athari ya muda mrefu, kama kupungua kwa magonjwa ya kuhara. Kila mstari hupewa kiashiria, ambacho ni kitu kitakachopimwa. Takwimu za awali, yaani hali ilivyokuwa kabla ya mradi. Na lengo, yaani hali inayotakiwa kufikiwa na tarehe yake.

Jedwali hilo linajazika kwa mchana mmoja, na miradi mingi hulijaza hivyo hivyo, usiku wa kuamkia siku ya mwisho ya kupeleka maombi. Gharama yake huonekana mwaka wa tatu.

Mfano wa kubuni utasaidia kuonyesha kazi inavyopaswa kwenda. Wilaya moja katika nyanda kame za kati ina vituo 600 vya kuchotea maji, na mfadhili ametoa fedha za miaka mitatu. Sentensi ya kwanza katika andiko la mradi inasema kuwa mradi utaboresha upatikanaji wa maji safi vijijini. Ni sentensi nzuri, ila haipimiki. Timu inapokaa kutafuta kiashiria, pendekezo la kwanza huwa ni lile lile: idadi ya visima vilivyochimbwa. Linapendwa kwa sababu kulipima ni rahisi na mradi wenyewe ndio wenye uwezo wa kulitimiza. Lakini mwaka 2009 WaterAid, shirika lililokuwa mstari wa mbele kuchora ramani za vituo vya maji nchini, lilieleza kuwa takriban robo ya miradi ya maji vijijini ilikuwa haifanyi kazi miaka miwili tu baada ya kujengwa. Anayehesabu visima vilivyochimbwa hataiona robo hiyo kamwe, kwa kuwa kisima kilichochimbwa kikafa bado ni kisima kilichochimbwa.

Kwa hiyo timu inachagua viashiria viwili vikuu. Cha kwanza ni asilimia ya vituo vinavyofanya kazi. Cha pili ni asilimia ya kaya zinazochota maji kutoka chanzo kilichoboreshwa kwa muda usiozidi dakika 30, kwenda, kupanga foleni na kurudi. Hicho cha pili kinafuata kipimo cha kimataifa kinachotumiwa na WHO na UNICEF katika kufuatilia huduma ya msingi ya maji, na uzuri wake ni kwamba matokeo ya wilaya yataweza kulinganishwa na ya kwingine. Viashiria vidogo vitakuwepo pia, kama idadi ya mafundi waliofunzwa, lakini mradi utahukumiwa kwa hivi viwili. Bangokitita lenye viashiria 40 huishia kuwa na safu ndefu zisizojazwa, kwa sababu kila kiashiria kinahitaji mtu wa kukipima, usafiri wake na siku zake.

Baada ya kuchagua, inafuata karatasi ya maelezo ya kiashiria, na hapa ndipo ubora wa mfumo mzima unapoamuliwa. Ukurasa mmoja kwa kila kiashiria unatosha, mradi tu usiache neno lolote lijitafsiri lenyewe. “Kinafanya kazi” maana yake nini? Katika mradi huu wa mfano, kituo kinafanya kazi iwapo dumu la lita 20 linajaa ndani ya dakika 2 siku mpimaji alipofika. Ikiwa kituo kina koki tatu, inapimwa ipi? Karatasi inasema zote, na kituo kinahesabiwa kinafanya kazi ikiwa walau moja imefaulu. Mpimaji akikuta magati yamefungwa kwa sababu mhudumu amekwenda msibani? Karatasi inasema arudi mara moja siku nyingine, na asiandike kuwa kituo kimekufa. Maswali haya yanaonekana madogo ofisini, lakini wapimaji sita waliotumwa vijiji tofauti bila majibu yake watarudi na wilaya sita tofauti.

Karatasi hiyo hiyo hutaja pia nani atapima, mara ngapi, kwa kifaa gani, na matokeo yatagawanywa vipi. Kwa upande wa kaya, mgawanyo wa maana ni wa kaya zinazoongozwa na wanawake, kaya zenye mtu mwenye ulemavu, na vitongoji vilivyo mbali na barabara. Wastani wa wilaya unaweza kupanda huku vitongoji hivyo vikibaki palepale, na bila mgawanyo hakuna atakayejua.

Zinafuata takwimu za awali. Kishawishi kikubwa ni kuchukua namba iliyopo ofisini, na orodha ile ya vituo 59,400 inaonyesha kwa nini namba hizo zinahitaji kukaguliwa kwanza. Katika safu ya `construction_year`, zaidi ya vituo 20,000 vina mwaka 0. Hakuna aliyejenga kisima mwaka sifuri. Mwandikishaji hakupata jibu, na mfumo ukaweka sifuri mahali pa nafasi tupu. Vituo takriban 1,800 vina longitudo 0 na latitudo iliyo karibu kabisa na 0, kwa hiyo ukiviweka kwenye ramani vinaangukia baharini, katika Ghuba ya Guinea. Safu ya idadi ya watu wanaohudumiwa nayo imejaa sifuri za namna hiyo. Anayepiga wastani bila kuzitenga anapata namba safi, yenye desimali, isiyo na uhusiano wowote na vijiji. Orodha ya namna hii ni msaada mkubwa wa kujua pa kwenda, lakini haiwezi kuwa takwimu za awali mpaka vituo vitembelewe.

Katika wilaya ya mfano, vituo vyote 600 vinatembelewa kwa kanuni ya dumu na dakika 2. Vinavyofaulu ni 360, sawa na asilimia 60. Wapimaji wanaandika pia sababu ya kila kimoja cha vile 240 vilivyoshindwa, jambo ambalo bangokitita halikudai lakini litakuja kuwa na thamani kuliko asilimia yenyewe. Vituo 95 vinahitaji vipuri vidogo kama koki na mipira ya pampu. Vituo 85 vinahitaji kazi kubwa, kama kubadilisha pampu au injini. Na 60 vimekauka au vinatoa maji ya chumvi yasiyonyweka.

Kwa kaya haiwezekani kumhoji kila mtu, hivyo inachukuliwa sampuli. Hesabu ya kawaida inaonyesha kuwa kaya 384 zilizochaguliwa kwa bahati nasibu zinatosha kukadiria asilimia kwa kupungua au kuzidi pointi 5. Lakini wadodosaji hawaendi kaya moja moja iliyotawanyika wilaya nzima. Wanachagua vitongoji, kisha kaya kadhaa katika kila kitongoji. Majirani wanachota kisima kimoja, kwa hiyo majibu yao yanafanana, na kaya 24 za kitongoji kimoja hazina habari mpya mara 24. Kufidia hilo, idadi huongezwa, mara nyingi kwa kuizidisha mara mbili. Timu inapanga vitongoji 32, kaya 24 kila kimoja, jumla 768.

Hesabu hii ina tokeo ambalo waandishi wa miradi wengi hulisahau. Kipimo chenye mashaka ya pointi 5 mwanzoni na pointi 5 mwishoni hakiwezi kutambua badiliko dogo. Inahitajika tofauti ya takriban pointi 7 ndipo mtu aseme kwa ujasiri kuwa hali imebadilika. Ikiwa kaya zenye maji ndani ya dakika 30 ni asilimia 41 na lengo ni 44, mradi umeahidi kitu ambacho utafiti wake wenyewe hautakiona. Ama sampuli ikuzwe, na gharama yake ijulikane mapema, ama lengo liwe kubwa zaidi. Katika mfano wetu linawekwa 52.

Muda wa kupima nao una nguvu ya kuharibu kila kitu. Katika nyanda za kati mvua hunyesha kuanzia Novemba au Desemba mpaka Aprili. Wakati huo watu hukinga maji ya paa na kuteka madimbwini, foleni hupungua, na hata visima vifupi huamka. Oktoba ni habari nyingine. Mradi uliochukua takwimu za awali Oktoba na kufanya tathmini ya mwisho Machi utaripoti mafanikio yaliyoletwa na mawingu. Ukifanya kinyume chake, kazi halali ya miaka mitatu itafutika. Dawa yake ni kuandika mwezi kwenye karatasi ya kiashiria na kuutii. Na kwa kuwa kikomo kipo kwenye kiangazi, wakati ambao shida ni kubwa kuliko zote, ndicho kipindi cha kupima mara zote mbili.

Hata swali la dakika linahitaji uangalifu. Ukimuuliza mama anatumia muda gani kuchota maji, mara nyingi atakueleza mwendo na kuiacha foleni, au atakueleza siku mbaya kuliko zote wiki hiyo. Wadodosaji hodari huuliza vipande vitatu mbalimbali, kwenda, kusubiri na kurudi, na katika kaya chache huambatana na mchotaji mpaka kisimani ili kulinganisha majibu na saa.

Likaja sasa suala la lengo. Mfadhili, kwa nia njema, anapenda asilimia 80 ya vituo viwe vinafanya kazi. Inavutia, ni namba ya duara, na kila mtu mezani anaitikia. Lakini namba ya lengo inatakiwa itoke kwenye hesabu za mafundi. Fedha za mradi zinatosha kutengeneza vituo vyote 95 vya vipuri vidogo na 45 kati ya vile 85 vya kazi kubwa, jumla 140. Ukiviongeza kwenye 360 unapata 500, asilimia 83. Mfadhili anatabasamu.

Kilichosahaulika ni kwamba vile 360 havisimami kusubiri. Rekodi za matengenezo za wilaya zinaonyesha kuwa takriban vituo 30 kwa mwaka huharibika na kubaki hivyo. Miaka mitatu ni vituo 90. Kwa hiyo mwisho wa mradi vitabaki 410 kati ya 600, asilimia 68. Kazi ya kutengeneza vituo 140 inazaa ongezeko la vituo 50 tu, na pengo kati ya namba hizo mbili halionekani popote katika ripoti inayohesabu vituo vilivyotengenezwa.

Timu inajaribu hesabu nyingine. Je, itokee nini fedha za vituo 20 vya kazi kubwa zikihamishiwa kwenye ghala la vipuri na mafundi wa kata, ili uharibifu usiotengenezwa ushuke kutoka 30 kwa mwaka hadi 15? Vitatengenezwa 120 badala ya 140, vitapotea 45 badala ya 90, na mwisho vitakuwa 435, asilimia 72 na nusu. Kutengeneza vichache kumeleta vingi zaidi. Lengo linawekwa 72, na bajeti inabadilishwa ili ifanane nalo. Hii ndiyo faida ya kuweka lengo kwa hesabu badala ya kwa hamu: mradi wenyewe ulisahihishwa kabla haujaanza.

Bila shaka mfadhili anaweza bado kutaka 80, na hapo panahitaji msimamo, maana namba hiyo inapatikana kirahisi mno kwa kuchezea sehemu ya chini ya hesabu, ile ambayo darasani huitwa asili. Viondolewe kwenye orodha vile vituo 60 vilivyokauka, kwa hoja kwamba si vituo tena. Vile 435 vikigawanywa kwa 540 vinakuwa asilimia 80 na zaidi. Vichimbwe visima 60 vipya na kuongezwa juu na chini, asilimia inafika 82. Hakuna aliyedanganya kwa neno, na watu wanaotegemea vile vilivyokauka bado wanatembea umbali ule ule. Kwa sababu hiyo karatasi ya kiashiria lazima iseme kuwa orodha ya vituo 600 imefungwa tarehe fulani, hakuna kinachotolewa, na visima vipya vinaripotiwa katika mstari wao peke yao.

Uzito wa maneno haya huongezeka pale fedha zinapofungwa kwenye matokeo. Mwaka 2018 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 350 kwa ajili ya maji na usafi wa mazingira vijijini Tanzania, katika utaratibu ambao fedha hutolewa kulingana na matokeo yaliyothibitishwa. Mwaka uliofuata sheria mpya ya maji iliunda RUWASA, wakala unaosimamia huduma hiyo vijijini. Utaratibu wa kulipa kwa matokeo una faida iliyo wazi: kisima kilichokufa hakilipiwi. Lakini pia unampa kila anayeripoti sababu ya kutaka kituo kionekane hai siku ya ukaguzi, hata kama dizeli ilinunuliwa asubuhi ile ile.

Ukaguzi wa kufaa hujengwa kwa kuzingatia hilo. Mkaguzi asiye na maslahi katika mradi huchagua mwenyewe kwa bahati nasibu kituo 1 kati ya 10, na hufika bila taarifa. Hatosheki na koki iliyofunguliwa mbele yake. Hutazama mita, akalinganisha usomaji wa leo na wa mwezi uliopita. Hufungua daftari la makusanyo la chombo cha watumia maji. Huangalia kama njia ya miguu kisimani imekanyagwa au imeota nyasi. Kituo kinachodaiwa kufanya kazi mwezi mzima huku mita ikiwa haijasogea kinajieleza chenyewe. Ripoti zenye asilimia isiyoyumba robo baada ya robo nazo hutia shaka, kwa sababu pampu za kweli huharibika, na namba zake hupanda na kushuka.

Ufuatiliaji wa kila robo mwaka una kazi moja zaidi, nayo ni kumpa meneja wa mradi nafasi ya kugeuza mwelekeo mapema. Tuseme mwezi wa 18 takwimu za wilaya ya mfano zinaonyesha kuwa vituo 22 kati ya 70 vilivyokwisha kutengenezwa vimeharibika tena, vingi katika kata mbili zenye maji ya chumvi yanayokula mabomba ya chuma. Hiyo si habari ya kuficha mpaka tathmini ya mwisho. Mabomba yanaweza kubadilishwa kuwa ya plastiki au chuma kisichoshika kutu, bajeti ikapangwa upya, na lengo likarekebishwa ikibidi.

Kurekebisha lengo katikati ya safari kunaruhusiwa na wafadhili wengi, kwa masharti. Sababu iandikwe, pande zote zitie saini, na namba ya zamani ibaki kwenye jedwali kando ya mpya. Takwimu za awali ndizo hazirekebishwi ili zipendeze. Zinarudiwa tu ikithibitika kuwa zilipimwa vibaya, na madodoso ya mwanzo pamoja na orodha kamili ya vituo hutunzwa ili mtu mwingine aweze kupiga hesabu upya. Mradi ukifungwa, orodha hiyo, kanuni ya dumu na madaftari ya mita hukabidhiwa kwa ofisi ya RUWASA ya wilaya na vyombo vya watumia maji, ambao Oktoba inayofuata watapita tena kwenye vituo vile vile 600.